Mbona mpaka leo uko peke yako? Namna ya kumjibu unayempenda

Huku Tanga swali hili mara nyingi huja limejifunika. Mtu anakuuliza "shemeji hajambo?" na anajua fika kwamba hajawahi kukuona na shemeji yeyote. Mwingine anasema "haya nenda, leo nyumbani watakugombeza, umechelewa," halafu anakutazama usoni aone utajibu nini. Wengine hupitia kwenye chakula, wengine kwenye nguo: "Shati limenyooka hivyo, nani kakupigia pasi?" Likishindikana kwa njia hizo ndipo huja la wazi, mbona mpaka leo uko peke yako.

Likitoka kwa jirani au kwa shangazi, jibu lolote la adabu linatosha. Likitoka kwa mtu ambaye unampenda kimoyomoyo na hujamwambia, mambo hubadilika. Moyo unaenda mbio, ulimi unakuwa mzito, na watu wengi hutoa jibu la kwanza linalowajia, ambalo kwa kawaida ni baya. Nimesikiliza vijana wengi wa Ngamiani na Makorora wakinisimulia mazungumzo yaliyovunjika mahali hapa hapa, na karibu yote yalivunjika kwa sababu zile zile chache.

Jibu linalopendeza lina vipande vitatu. Unalichukua neno lake na kulichezea kidogo. Unampa sababu moja ya kweli kwa sentensi moja. Kisha unamrudishia swali na unanyamaza. Haya yote yasizidi nusu dakika. Kuchezea neno kunaonyesha kwamba hujakereka, ukweli unampa kitu cha kushika, na kunyamaza kunampa nafasi ya kuamua kama anataka kusogea.

Hatua ya kwanza: iandae sentensi ya kweli kabla hujaulizwa

Mzaha utakujia pale pale, lakini ukweli haufai kutafutwa pale pale. Kaa peke yako ujiulize sababu halisi ni ipi, kisha uiseme kwa sauti mpaka itoke bila kigugumizi na bila uchungu. Iwe sentensi moja, kwa mfano: "Nilikuwa namsomesha mdogo wangu." "Nilikuwa na mtu, tukaachana mwaka jana." "Kazi ilinipeleka Mtwara, nimerudi juzi juzi." "Nilikuwa namuuguza mama." "Niliogopa, nikajipa muda."

Utajuaje kwamba sentensi yako iko tayari? Isikilize kama ina mtu wa kulaumiwa ndani yake. "Tuliachana" iko tayari. "Aliniacha baada ya kunilia hela zangu zote" haiko tayari, hata kama ni kweli tupu, kwa sababu anayekusikiliza hataki kuanza kwa kuwa hakimu wa kesi ya mtu asiyemjua. Kama kila unapojaribu kuisema lawama inaingia, chagua sababu nyingine ya kweli. Maisha ya mtu mzima hayakosi sababu mbili tatu.

Na iwe kweli kabisa. Tanga ni mji wa watu kujuana. Uliyemwambia huna mtu leo asubuhi anaweza kuwa na binamu Chumbageni anayemjua huyo mtu wako, na habari ikafika kabla ya Magharibi. Kama una mtoto, mtaje mara ya kwanza mnapoongea jambo hili: "Nina mwanangu wa miaka minne, yuko kwa bibi yake Pangani." Sababu za wewe na mzazi mwenzio kutengana zinaweza kungoja. Mtoto hangoji, maana aliyefichwa mtoto huanza kujiuliza amefichwa nini kingine.

Hatua ya pili: tazama nani anasikia

Swali lile lile likiulizwa mbele ya watu linataka jibu jingine. Mkiwa barazani na wenzenu, mtu akakurushia "eti wewe, mbona huoi?" na wote wakacheka, hapo jibu ni mzaha peke yake. Sema "Nachangisha mahari, anza wewe kunichangia," na uache ipite. Ukimtolea sentensi yako ya kweli mbele ya watu sita unampa mzigo ambao hakuuomba, na wewe mwenyewe unaingia midomoni mwa watu sita.

Lakini weka kumbukumbu kwamba aliuliza. Akirudia swali mkiwa wawili, njiani au wakati mnasubiri bajaji, ujue mara ya pili ndiyo aliuliza kweli, na mara hii anataka jibu. Asiporudia, huenda lilikuwa la kupitisha muda tu, na hakuna lililoharibika.

Kama kuna mkubwa karibu, mama yake au mwalimu wake wa madrasa, punguza hata mzaha. "Dua zenu tu" ni jibu kamili. Halafu msalimie yule mkubwa vizuri. Unayempenda anaangalia pia jinsi unavyotoa shikamoo.

Hatua ya tatu: anza na neno alilotumia yeye

Hapa ndipo haiba inapotokea, na ndipo watu wanapohangaika bure kukariri maneno matamu. Neno lililokaririwa hujulikana, kwa sababu halihusiani na alichosema. Utani unaopendeza hutoka ndani ya swali lenyewe. Akitaja chakula, jibu kwa chakula. Akitaja pasi, jibu kwa pasi. Anasikia kwamba ulimsikiliza, na hilo lina uzito kuliko ubeti wowote.

Niseme kisa kimoja kwa urefu, maana ndani yake hatua zote zinaonekana.

Kijana mmoja, fundi wa mafriji wa Makorora, aliitwa kwenye duka la dawa huko Ngamiani. Friji la duka lilikuwa halishiki baridi, na baadhi ya dawa, insulini kwa mfano, zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo mwenye duka alikuwa na haraka. Dada anayehudumia pale alikuwa akimjua fundi kwa sura, na fundi alikuwa akimpenda siku nyingi bila kusema. Akiwa amepiga goti nyuma ya friji, dada akamuuliza: "Hivi fundi, shemeji yetu leo kakupikia nini, maana hata chai naona unaikataa?"

Jibu la kwanza lililomjia kichwani, alivyonieleza baadaye, lilikuwa hili: "Shemeji hayupo, wanawake wa siku hizi wanataka hela tu." Litazame vizuri. Linaonekana kama jibu kuhusu wanawake wengine, lakini aliyesimama mbele yake ni mwanamke wa siku hizi. Ama ajitetee, ama anyamaze. Kwa vyovyote mlango unafungwa, na fundi angerudi nyumbani akiamini kwamba dada hana habari naye.

La pili lililomjia lilikuwa: "Hayupo, nakungoja wewe." Hili nitalirudia chini, maana lina mahali pake. Pale dukani, mteja anaweza kuingia wakati wowote na mwenye duka yuko chumba cha nyuma. Lingemwacha dada na njia mbili tu, akubali au akatae, kabla hajajua lolote juu yake.

Alichosema ni hiki: "Hayupo, dada. Anayenipikia ni mama ntilie wa pale mtaani kwetu, na deni langu kwake limefika mahali ananiita mume."

Dada akacheka. "Hee! Na mumewe wa kweli hasemi kitu?"

"Mumewe ndiye anayeandika deni."

Wakacheka tena. Mpaka hapo ni mzaha, na wengi huishia hapo. Huchekesha, hucheka, huondoka, na wanayempenda anabaki hajui kitu. Fundi akaongeza sentensi yake, kwa sauti ya chini kidogo, mkono ukiwa bado kwenye bisibisi: "Nilikuwa namsomesha mdogo wangu chuo. Kamaliza mwaka huu. Sikutaka kumwita mtu nyumbani wakati sina nafasi yake."

Kisha hakumpa muda wa kumsifu wala kumhurumia. Akauliza: "Wewe je, ukifunga duka jioni unakula na nani?"

Halafu akanyamaza, akaendelea na friji. Dada alikaa kidogo, akapanga maboksi mawili ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, kisha akasema: "Nakula na mama na wadogo zangu. Mimi ndiye mpishi."

Ona alivyouliza. Hakusema "una mchumba?" Aliuliza kwa lugha ile ile ya chakula aliyoianza dada mwenyewe, hivyo dada angeweza kujibu kuhusu chakula tu kama hakutaka zaidi. Na dada alijibu zaidi ya alichoulizwa. Angeweza kusema "nyumbani" akamaliza. Badala yake alitaja nani wapo, ambamo mwanaume hayumo, akaongeza kwamba anapika. Mtu akikupa habari ambayo hukuiomba, anakusogezea kiti.

Fundi hakukimbilia kiti hicho siku ile. Alimaliza kazi, akasema friji inabaki ikipoa, na kesho yake alasiri angepita kusoma kipimajoto kama limetulia ndani ya nyuzi zake. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli ya kurudi, na wote wawili walijua kwamba si friji tu.

Hatua ya nne: nyamaza

Imepata kuonekana kwenye kisa, lakini naitenga kwa sababu ndiyo inayoshinda watu. Baada ya kurudisha swali, mtu huogopa ukimya wa sekunde tatu, akaujaza: "Yaani sikuulizi kwa ubaya, nauliza tu, maana mtu kama wewe, si unajua tena." Kila neno la ziada linaondoa uzito wa yaliyotangulia. Shika ulichokuwa umeshika, kunywa chai yako, mtazame kwa upole kisha angalia pembeni. Akihitaji muda, anao.

Usishike simu. Ukiangalia simu baada ya kumuuliza mtu swali la moyoni umemwambia kwamba jibu lake halikuhusu.

Kuhusu "nakungoja wewe"

Watu hulipenda jibu hili kwa sababu ni fupi na linasikika vizuri kwenye taarabu. Tatizo lake ni kwamba linamwambia mtu uamuzi wako huku likimdai uamuzi wake papo hapo. Kama bado hajaonyesha dalili yoyote, atalichukua kama mzaha, na ukishachukuliwa kwa mzaha mara moja ni kazi kubwa kurudi kwenye ukweli. Mbaya zaidi, kama umeshalisema kwa mwingine na yeye amesikia, basi.

Linafaa pale ambapo tayari mmeshaongea mara kadhaa, anakutafuta kama unavyomtafuta, na amekuuliza mkiwa wawili kwa sauti isiyo ya utani. Hata hapo mimi hupendelea lililolegea zaidi: "Sikuwa na sababu ya kuharakisha. Siku hizi naanza kuwa nayo." Ukisema hivyo ukamtazama, ameelewa. Asipotaka kuelewa, anaweza kuuliza "sababu gani?" au kubadilisha habari, na hakuna aliyeaibika. Akiuliza "sababu gani?" usimzungushe tena. Hapo mwambie wazi.

Mengine ya kuepuka nitayapitia haraka. "Sijampata anayenifaa" humfanya msikilizaji ajipime papo hapo na kujiona hakufaulu. "Mimi mwenyewe sijui, labda nina mkosi" humfanya akuonee huruma, na huruma ikitangulia mapenzi huyachelewesha. Hadithi ndefu ya uliyeachana naye, yenye jina na mtaa, inamwonyesha jinsi utakavyomsimulia yeye siku moja.

Kama wewe ni mwanamke

Kwa binti au mwanamke wa hapa kwetu swali lina ncha ya ziada, kwa sababu mara nyingi linakuja na umri ndani yake: "Mbona hujaolewa mpaka leo?" Hata unayempenda anaweza kuuliza hivyo bila kujua linavyochoma. Huna lazima ya kujitetea. Una haki ya kucheza, na mwanamke wa pwani amezaliwa na mafumbo mkononi.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliulizwa hivyo na mwalimu mwenzake, mwanaume ambaye alikuwa akimpenda, wakitembea kutoka kazini kuelekea Sahare. Naye mwanaume akaongeza, kwa kujiona ametia nakshi: "Angalia dada, mchagua nazi hupata koroma."

Akajibu: "Ndiyo maana mimi sichagui kwa macho, kaka. Naitikisa kwanza nisikie maji."

Anayejua nazi anaelewa. Nazi iliyokomaa ukiitikisa maji yanacheza ndani, lakini dafu na koroma bado yamejaa na hayatoi sauti ya namna ile. Kwa maneno machache alisema kwamba yeye si mchaguzi wa sura, kwamba anapima mtu kabla ya kumkubali, na kwamba aliyemwuliza anaweza kuwa anapimwa sasa hivi. Mwanaume alisimama njiani akauliza: "Na mimi umeshanitikisa?" Akamjibu: "Ndiyo kwanza nimekushika." Wakaendelea kutembea.

Fumbo lina faida kubwa kwa mwanamke anayelinda jina lake, kwa kuwa anayesikia kwa pembeni hapati cha kupeleka. Lakini fumbo lina mpaka. Kama unayemjibu hakukulia kwenye lugha ya mafumbo, ametoka bara, au ni mtu wa kuchukua kila kitu kama kilivyotamkwa, atabaki njia panda akidhani umemkataa. Dalili yake ni kwamba anacheka kwa kuchelewa, au anasema "sawa" na kunyamaza. Ukiona hivyo, fumbua mwenyewe kwa sentensi moja ya wazi: "Nimesema sina haraka, ila nasikiliza." Usimwache alale na fumbo.

Akiwa mwanaume anayeuliza kwa dharau, ukasikia kabisa kwamba anakupunguzia thamani, mzaha haumfai. Mtazame useme: "Hilo swali unaliuliza kwa sababu gani?" Anayekupenda atajirekebisha na kueleza. Asiyekupenda atajikanyaga, nawe utakuwa umejua mapema.

Kama umewahi kuolewa au kuoa

Watu wengi waliotalikiana au kufiwa hujikunja wanapoulizwa, wakidhani hadithi yao itamfukuza mtu. Sema kwa urahisi. "Niliolewa, tukaachana kwa salama, sasa nimepumzika." Kwa aliyefiwa: "Mke wangu alifariki. Nimekaa na watoto mpaka wametulia." Usimalize kwa kuinamisha kichwa, malizia kwa kumrudishia swali kama wengine wote.

Kwa mwanamke Mwislamu aliye ndani ya eda, jibu ni moja: yumo kwenye eda. Mjane hukaa miezi 4 na siku 10, isipokuwa mwenye mimba, ambaye eda yake huisha akijifungua. Kumtamkia posa waziwazi ndani ya muda huo hairuhusiwi. Kwa hiyo akikuuliza mtu, hata yule ambaye moyo wako unamtaka, "bado nina eda yangu" linatosha, na mwenye adabu ataelewa kwamba anatakiwa kungoja. Na wewe mwanaume ukijibiwa hivyo, usiulize zimebaki siku ngapi. Salimia, ondoka, rudi wakati wake.

Likija kwa simu

Kwenye WhatsApp mambo mawili yanabadilika. Hakuna sauti wala uso, kwa hiyo mzaha mkavu unasomeka kama hasira. Na maandishi yanabaki, yanaweza kupigwa picha na kupelekwa kwa mashoga zake watano.

Andika mistari miwili isiyozidi mitatu. Mzaha, ukweli, swali. Kwa mfano ameandika: "We kila siku uko onlaini usiku, huna wa kukufokea?" Mjibu: "Wa kunifokea hayupo, ndiyo maana nimekuwa popo. Nilijikalia kimya tangu nihame Dar. Na wewe usiku huu umeniona vipi onlaini, nani kakuacha macho?" Swali la mwisho linafanya kazi vizuri, kwa sababu yeye pia yuko macho.

Usinakili ubeti wa mapenzi kutoka kwenye stetasi ya mtu. Usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kama unataka asikie sauti yako, nusu dakika inatosha, na urekodi mahali pasipo na kelele za bodaboda. Ukiona tiki za buluu na hajajibu, usiongeze "?" wala "umekasirika?" Mwache mpaka kesho. Akirudi na habari nyingine kabisa kana kwamba hukusema kitu, mfuate kwenye habari hiyo. Amesoma, amesikia, na hayuko tayari.

Jibu lolote zito, kama habari ya talaka, usilimalizie kwenye simu. Andika: "Hilo lina maelezo kidogo, nitakwambia tukionana." Hapo hujadanganya, na umetengeneza sababu ya kuonana.

Hatua ya mwisho: usiache mazungumzo yaelee

Umejibu, amecheka, naye amejibu swali lako. Sasa subiri dalili mbili, usitosheke na moja. Dalili ya kwanza ni ile ya habari ambayo hukuiomba. Ya pili ni kurudi: siku nyingine anagusia ulichomwambia. Yule dada wa duka la dawa, fundi aliporudi kesho yake, alimpokea kwa kusema: "Mama ntilie amekupa talaka au bado?" Alikuwa ameyakumbuka maneno yake usiku kucha.

Zikionekana zote mbili, mwite mahali pa wazi, mchana, kwa muda mfupi wenye mwisho unaojulikana. Raskazone baada ya Alasiri ni pazuri, kuna upepo na watu wanapita, hakuna wa kusema mmejificha. Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, yanafaa kwa mara ya pili, mkiwa na rafiki au mdogo wake. Fundi alimwambia: "Jumapili saa kumi nitakuwa Raskazone. Ukija na mdogo wako nitawanunulia madafu, na kabla ya Magharibi mtakuwa nyumbani." Mwaliko una siku, saa, mahali, nani anaruhusiwa kuja na utaisha lini. Mwanamke anaweza kuukubali bila kudanganya nyumbani. Mambo yakikomaa, mshenga na barua ya posa vitafuata njia yake ya kawaida.

Wakati mwingine unarudisha swali na jibu linakuwa: "Mimi nina mtu." Hapo usiulize ni nani, usiseme "ana bahati" kwa sauti ya kulia, wala usijifanye hukuwa na nia. Sema "Mungu awajalie," umalize ulichokuja kufanya, na ukipita tena pale wiki ijayo msalimie kama zamani. Kama una friji lake unalitengeneza, litengeneze vizuri.